Kadi Inapokataliwa Kabla Salio Halijaulizwa

Malipo ya kadi yanayofanywa mtandaoni hupitia milango miwili, na kukataliwa kwenye mlango wa kwanza si sawa na kukataliwa kwenye ule wa pili. Mlango wa kwanza ni uthibitishaji, yaani hatua ambayo benki inajiridhisha kwamba anayetumia kadi ndiye mwenye kadi. Wa pili ni uidhinishaji, yaani hatua ambayo benki hiyohiyo inaangalia salio, ukomo wa matumizi na hali ya kadi, kisha inaruhusu au kuzuia fedha zitoke. Ujumbe wa “Authentication failed” unatoka kwenye mlango wa kwanza. Kwa hiyo mteja anayeukuta kwenye skrini na kukimbilia kuongeza fedha kwenye akaunti anatibu ugonjwa asiokuwa nao, kwa kuwa hadi wakati huo swali la fedha halijaulizwa na mtu yeyote.

Utaratibu unaosimamia mlango huo wa kwanza unaitwa 3-D Secure. Sehemu ya 3-D ndani ya jina hilo inawakilisha himaya tatu zinazoshirikiana: himaya ya muuzaji pamoja na benki inayompokelea malipo, himaya ya benki iliyotoa kadi, na himaya ya mtandao wa kadi unaoziunganisha hizo mbili. Visa iliuingiza sokoni mwaka 2001, mitandao mingine ikaufuata, na mwaka 2016 shirika la EMVCo, linalotunga vipimo vya pamoja vya mitandao ya kadi, likatoa toleo la pili, ambalo ndilo msingi wa utaratibu unaotumika leo. Muuzaji anaukubali usumbufu huu kwa sababu ya hesabu ya hasara: uthibitishaji ukifaulu, hasara ya malipo ya wizi kwa kawaida humtoka muuzaji na kuiangukia benki iliyotoa kadi, na ukishindwa, muuzaji anayeendelea na malipo anajibebea mzigo mwenyewe. Ndiyo maana duka likipokea jibu la kushindwa husimamisha kila kitu papo hapo, wala halithubutu kuomba fedha.

Safari yenyewe huanza mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa. Mtambo wa upande wa muuzaji hutuma ombi lenye namba ya kadi, kiasi, sarafu na taarifa za kifaa kinachotumika, na ombi hilo hupokelewa na seva ya saraka ya mtandao wa kadi, ambayo kazi yake ni kusoma tarakimu za mwanzo za kadi na kujua ni benki gani iliyoitoa. Seva ya saraka haiamui lolote kuhusu mteja. Inapeleka tu ombi kwenye seva ya uthibitishaji ya benki hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ACS, na hapo ndipo uamuzi unapofanyika. ACS inaweza kumkubali mteja bila kumuuliza kitu, ikiwa kifaa na tabia ya ununuzi vinafanana na vya siku zote. Inaweza kumkataa moja kwa moja. Au inaweza kumtaka ajithibitishe, mara nyingi kwa kuandika OTP, ile namba ya siri ya matumizi ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Majibu hayo huandikwa kwa herufi moja tu: Y kwa aliyethibitishwa, N kwa aliyekataliwa, C kwa anayetakiwa kujithibitisha, na U pale uthibitishaji unaposhindikana kwa sababu za kimtambo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ACS ni ya benki iliyotoa kadi, hata pale benki inapoikodi kwa kampuni ya nje, kama zinavyofanya benki nyingi. Ukurasa unaoomba OTP, ingawa umefunguka katikati ya tovuti ya duka, si wa duka. Umeletwa na ACS, na duka haliwezi kuona namba inayoandikwa humo, kuituma upya wala kubadilisha simu inayopokea ujumbe.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha namna kosa linavyojificha. Mwalimu mmoja wa Dodoma analipia ada ya mtihani ya dola 120 kwenye tovuti ya nje ya nchi, kwa kadi ya benki ya Tanzania yenye salio la kutosha. Miezi mitatu kabla ya hapo alibadilisha namba ya simu tawini, akajaza fomu, na tangu siku hiyo ujumbe wa kila muamala wa akaunti yake umekuwa ukifika kwenye namba mpya bila shida. Saa 8:05 mchana anabonyeza kitufe cha kulipa. Ukurasa wa benki unafunguka na kueleza kwamba OTP imetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili fulani. Anasubiri, anaomba itumwe tena, anasubiri tena, hadi saa 8:15 muda unapokwisha na duka kumwonyesha kwamba uthibitishaji umeshindikana. Wakati huo ACS imeshatuma matokeo kupitia seva ya saraka hadi kwenye mtambo wa upande wa muuzaji, na sehemu yenye maana ya taarifa hiyo ni hii:

```
{
  "messageType": "RReq",
  "transStatus": "N",
  "transStatusReason": "14",
  "challengeCancel": "04",
  "interactionCounter": "00"
}
```

Mistari hii mitano inasema mengi kuliko ule ujumbe wa skrini. Herufi N inaonyesha kwamba uthibitishaji haukufaulu. Sababu namba 14 inaeleza kwamba muda uliisha ombi likiwa mikononi mwa ACS. Namba 04 inakazia kwamba kilichokatisha shughuli ni muda, wala si mteja aliyebonyeza kitufe cha kughairi. Na mstari wa mwisho, unaohesabu majaribio ya mteja, unaonyesha sifuri. Mwalimu hakukosea namba, kwa kuwa hakuwahi kuandika namba yoyote. Kama hesabu hiyo ingesoma 03, maelezo yangegeuka, maana yangeonyesha mtu aliyepokea kitu na kukiandika vibaya mara tatu, au mwizi aliyekuwa akibahatisha.

Chanzo cha kosa katika mfano huu ni kwamba benki haina daftari moja la wateja, ina mawili au zaidi. Mfumo mkuu wa benki, unaotunza akaunti na salio, ndio unaotuma ujumbe wa miamala, na ndio uliorekebishwa tawini. ACS ina kumbukumbu zake yenyewe, zinazopelekwa kutoka mfumo wa kadi kwa mafaili ya mara kwa mara, na namba mpya haikuingia kwenye faili hilo. OTP iliendelea kwenda kwenye laini ya zamani, ambayo pengine imekwisha kuzimwa au kupewa mtu mwingine. Kasoro inayokaribiana na hii ni ya namna namba ilivyoandikwa: namba ya Tanzania iliyohifadhiwa kwa kuanza na sifuri, badala ya 255, hufanya kazi vizuri ndani ya nchi, lakini inaweza kukosa pa kwenda pale ACS iliyokodiwa inapotuma ujumbe kutoka nje. Kasoro ya tatu ni kadi ambayo haikusajiliwa kabisa katika huduma ya uthibitishaji. Hapo ukurasa wa OTP haufunguki, jibu la N linarudi ndani ya sekunde chache, na sababu inayoambatana nalo ni namba 13.

Mwalimu anapopiga simu kwa benki, mhudumu anafungua orodha ya maombi ya uidhinishaji, haoni ombi lolote la dola 120, na kwa nia njema kabisa anajibu kwamba malipo hayajaifikia benki, hivyo tatizo liko kwa muuzaji. Jibu hilo lina ukweli nusu. Ombi la fedha halikufika kwa sababu benki yenyewe, kupitia ACS yake, ilikuwa imejibu N kwenye mlango wa kwanza, na alama za jibu hilo zimo kwenye kumbukumbu za ACS, ambazo mhudumu hakuzifungua na huenda hata hana ruhusa ya kuzifungua. Muuzaji naye, akiona N kutoka kwa benki, anamrudisha mteja kwa benki, na mteja anabaki akitupwa huku na huku kama mpira.

Hata hivyo, si kila kushindwa ni kosa la benki. Muuzaji aliyeunganisha mtambo wake vibaya anaweza kusababisha ombi likataliwe na seva ya saraka kabla ya kuifikia benki, na kivinjari kinachozuia madirisha ya tovuti nyingine kinaweza kuufungia nje ukurasa wa OTP. Kipimo rahisi cha kutenganisha hali hizi ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: kadi ileile ikishindwa kwenye maduka mawili yasiyohusiana, na kadi ya benki nyingine ikipita kwenye duka lilelile kwa simu au kompyuta ileile, lawama inaegemea upande wa benki iliyotoa kadi ya kwanza. Kipimo cha pili ni ile orodha ya benki ya maombi ya uidhinishaji: malipo yaliyoishia kwenye uthibitishaji hayaachi alama humo, ilhali yaliyokataliwa kwenye uidhinishaji huacha rekodi yenye namba ya sababu, kama 51 kwa salio pungufu. Kipimo cha tatu kimo kwenye ukurasa wenyewe wa OTP, katika zile tarakimu za mwisho za simu. Zikiwa si za laini anayoishika mteja, uchunguzi umekwisha kabla haujaanza.

Kwa hiyo mteja mwenye malalamiko ya namna hii asiulize benki kwa nini malipo yamekataliwa, kwa kuwa swali hilo litampeleka kwenye orodha isiyo na kitu. Aiombe iangalie kumbukumbu za ACS kwa tarehe, saa na kiasi kilichohusika, imweleze hali na sababu iliyoandikwa humo, na imsomee tarakimu za mwisho za namba ya simu iliyohifadhiwa humo, si ile iliyo kwenye mfumo wa akaunti. Muuzaji naye aombwe kitambulisho cha muamala kinachoitwa `acsTransID`, ambacho hutolewa na ACS yenyewe. Benki ikikabidhiwa kitambulisho kilichozaliwa ndani ya seva yake, haiwezi tena kusema kwamba ombi hilo halikuifikia.