Kusukuma au Kuvuta: Tafuta Mpaka Kwanza

Mwanafunzi wa ugavi akiulizwa tofauti ya mkakati wa kusukuma na mkakati wa kuvuta, mara nyingi huchora jedwali la safu mbili. Upande mmoja huandika kuzalisha kwa makadirio ya mauzo, upande wa pili kuzalisha kwa oda. Kisha huzigawa kampuni kati ya safu hizo: hii inasukuma, ile inavuta. Maelezo hayo ni sahihi, ila mgawanyo wa kampuni ndio unaopotosha, kwa sababu karibu kila mnyororo wa ugavi hufanya yote mawili. Malighafi huagizwa kwa makadirio, na kazi za mwisho hufanywa kwa oda. Katikati kuna mpaka. Anayerudia somo hili aanze kwa kuuliza mpaka huo uko wapi, kwa nini uko hapo, na ukihamishwa nini kitatokea.

Kinachoamua ni muda wa aina mbili. Wa kwanza ni muda ambao mnunuzi yuko tayari kusubiri. Wa pili ni muda unaohitajika kuitengeneza bidhaa na kuifikisha kwake. Mnunuzi akikubali kusubiri muda wote wa utengenezaji, unaweza kungoja oda yake ndipo uanze kazi, kama fundi anayeshona suti kwa vipimo. Asipokubali, hatua zote zisizotosha ndani ya subira yake lazima zifanywe mapema, kwa makadirio. Anayeingia dukani kutafuta sweta hasubiri hata saa moja, na sweta kutoka uzi hadi rafuni huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo kampuni ya sweta haiwezi kuepuka makadirio. Inachoweza kuchagua ni jambo gani la kukadiria mapema na jambo gani la kuacha hadi dakika za mwisho.

Benetton: kupaka rangi mwishoni

Benetton, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1965 na yenye makao Ponzano Veneto, ilikutana na tatizo hilo kwa sura kali. Biashara yake ilikuwa sweta za rangi nyingi, na desturi ya viwanda wakati huo ilikuwa kutia uzi rangi kwanza, kisha kufuma. Maana yake ni kwamba rangi, jambo linalobadilika haraka kuliko yote katika mitindo, iliamuliwa mwanzoni kabisa, miezi kadhaa kabla ya duka kuuza sweta ya kwanza.

Mwaka 1972 kampuni ilianza kugeuza mpangilio kwa sehemu ya bidhaa zake: sweta zifumwe kwa uzi usio na rangi, zikae ghalani, kisha zitiwe rangi baada ya mauzo ya mwanzo wa msimu kuonyesha wateja wanataka nini. Ufumaji, unaochukua muda mrefu, ulibaki upande wa kusukuma. Utiaji rangi, unaoweza kumalizika kwa muda mfupi, ukahamia upande wa kuvuta.

Kwa nini hilo linapunguza hasara? Tuchukue hesabu ya darasani. Tuseme kuna rangi 4, kila moja inatarajiwa kuuza sweta 1,000, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi mauzo yanavyoyumba juu na chini ya wastani, ni sweta 300 kwa kila rangi. Ili tuwe na uhakika wa takribani asilimia 95 wa kutopungukiwa, tunazidisha mkengeuko huo kwa 1.65. Kila rangi itahitaji akiba ya ziada ya sweta 495, na rangi zote 4 zitahitaji 1,980. Tukipaka rangi mapema, tutafuma sweta 5,980.

Tukipaka rangi mwishoni, tunakadiria jumla ya sweta tu. Nyekundu ikiuza pungufu, huenda buluu ikauza zaidi, na mayumbo hayo hufidiana. Iwapo mauzo ya rangi moja hayategemei ya nyingine, mkengeuko wa jumla si 300 mara 4, bali 300 mara kipeuo cha pili cha 4, ambacho ni 2. Hiyo ni sweta 600. Ukizidisha kwa 1.65 unapata akiba ya 990, na ufumaji wa sweta 4,990. Akiba imepungua kwa nusu bila kupunguza huduma kwa mnunuzi.

Lakini kutia rangi sweta iliyokwisha kufumwa kuna gharama ya ziada kuliko kutia rangi uzi, na hapa ndipo wengi husahau kuendelea na hesabu. Tuseme kila sweta inayobaki mwisho wa msimu inatutia hasara ya shilingi 8,000, na kupaka rangi mwishoni kunaongeza shilingi 1,000 kwa kila sweta. Kwa wastani tutauza takribani sweta 4,000. Njia ya kwanza inaacha sweta 1,980, hasara ya shilingi 15,840,000. Njia ya pili inaacha 990, hasara ya 7,920,000, ukijumlisha 4,000,000 za kupaka rangi sweta 4,000 unapata 11,920,000. Tumeokoa shilingi 3,920,000. Ukigawa 7,920,000 zinazookolewa kwenye mabaki kwa sweta 4,000, utaona kwamba njia hii inalipa mradi gharama ya ziada haizidi shilingi 1,980 kwa sweta.

Hesabu hiyo inaonyesha pia mipaka ya mbinu yenyewe. Kama majira ya baridi hayakufika sawasawa na rangi zote zimeshuka pamoja, hakuna cha kufidiana, na faida inayeyuka. Kama watu wameikataa fasheni ya sweta yenyewe, rangi haitaiokoa, kwa sababu umbo lilibaki upande wa kusukuma. Na kama rangi moja, tuseme nyeusi, inauza kwa utulivu kila mwaka, hakuna sababu ya kuilipia gharama ya kungoja. Itiwe rangi mapema kwenye uzi. Hivyo mpaka haupaswi kuwa mmoja kwa bidhaa zote za kampuni.

Toyota: kuvuta ndani ya mpango

Toyota ndiyo mfano unaotajwa kila mahali wa mkakati wa kuvuta. Mhandisi wake Taiichi Ohno alilichukua wazo kutoka supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kulingana na kile ambacho wateja wamekwisha kuondoa. Kiwandani, hatua ya mbele ikawa mteja wa hatua ya nyuma. Trei ya vipuri ikianza kutumika, kadi yake, yaani kanban, inarudishwa nyuma kama ruhusa ya kuleta au kutengeneza trei nyingine. Pasipo kadi, hakuna kutengeneza.

Idadi ya kadi hukokotolewa hivi:

K = M × S × (1 + a) ÷ T

K ni idadi ya kadi, M ni matumizi kwa saa, S ni saa ambazo kadi huchukua kutoka hadi kurudi na trei iliyojaa, a ni sehemu ya tahadhari, na T ni vipuri kwa trei. Tuseme mstari unatumia vitasa vya milango 60 kwa saa, mzunguko wa kadi ni saa 2, tahadhari ni 0.2 na trei inabeba 12. Jibu ni kadi 12, yaani vitasa visivyozidi 144 katika mzunguko mzima.

Sasa tujaribu kuutikisa mfumo huo. Matumizi yakipanda kwa asilimia 10 hadi 66 kwa saa, mzunguko wa saa 2 unahitaji vitasa 132. Bado 144 vinatosha. Yakipanda kwa asilimia 30 hadi 78, vinahitajika 156, na mstari utasimama. Vivyo hivyo mzunguko ukirefuka hadi saa 3 huku matumizi yakiwa 60, vinahitajika 180. Kadi hubeba mayumbo madogo tu.

Ndiyo maana nyuma ya kadi za Toyota kuna mpango wa uzalishaji uliosawazishwa, ambao wasambazaji hupewa mapema ili wapange watu na malighafi. Mpango huo ni makadirio. Kadi huusahihisha siku kwa siku kwa kiasi kidogo. Anayeandika kwenye mtihani kwamba Toyota haikadirii ameiona kadi, hakuuona mpango. Na msimamizi wa kiwanda anayeiga kadi bila kusawazisha uzalishaji ataona dalili mapema: kadi za dharura zinazoongezwa kila wiki na hazitolewi tena.

Udhaifu wa akiba ndogo ulionekana tarehe 1 Februari 1997, moto ulipounguza kiwanda cha Aisin kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki ambazo Toyota ilizihitaji. Akiba ilikwisha upesi na viwanda vya Toyota nchini Japani vikasimama kwa siku kadhaa. Baada ya tetemeko la mwaka 2011, kampuni ilikwenda mbali zaidi: iliwataka wasambazaji wa chipu za kielektroniki waweke akiba ya miezi. Chipu huchukua muda mrefu mno kutengenezwa, hivyo kadi ya saa 2 haiwezi kuivuta. Toyota haikuacha kuvuta. Iliusogeza mpaka kwa kipuri kimoja, kwa kanuni ileile ya muda tuliyoanza nayo.

Oda si mauzo

Kuna kosa moja linaloweza kuharibu mpaka uliowekwa vizuri: kuvutwa na ishara isiyo ya kweli. Procter & Gamble iligundua kwamba oda za nepi za Pampers kutoka kwa wasambazaji zilipanda na kushuka kwa nguvu, ilhali watoto walitumia nepi kwa kiwango kilekile na mauzo madukani hayakuyumba sana. Mwaka 1997 mtafiti Hau Lee na wenzake walizitaja sababu nne za hali hiyo, inayoitwa athari ya mjeledi: kila ngazi kukadiria upya kwa oda iliyopokea, kuagiza kwa makundi makubwa, ofa za bei, na kuagiza kupita kiasi bidhaa inapoadimika. Kiwanda kinachozalisha kwa oda za namna hiyo kinajiita cha kuvuta, lakini kinafuata makadirio ya msambazaji.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua mauzo ya rejista za maduka kwa wiki 12 na oda ulizopokea kwa wiki hizohizo, ulinganishe mayumbo yake. Oda zikiyumba zaidi sana kuliko mauzo, tatizo liko kwenye ishara, na kuongeza akiba hakutaliponya. Omba takwimu za rejista, punguza ukubwa wa makundi, na usitishe ofa zinazowafanya wanunuzi wajaze stoo.

Swali la mpaka halihusu viwanda pekee. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeleta nguo kwa kontena kutoka China hawezi kuvuta safari ya baharini. Wiki za njiani zinazidi subira ya mteja yeyote. Anachoweza ni kuchelewesha mgawanyo. Badala ya kupeleka kontena lote Mwanza, Mbeya na Arusha siku linapofika, apeleke sehemu, nyingine ibaki Dar es Salaam, kisha ajaze kila duka kwa mauzo yake ya wiki. Ni hesabu ileile ya rangi 4, isipokuwa sasa zinazofidiana ni mikoa. Gharama ya kulinganisha ni nauli ya lori la mara kwa mara dhidi ya hasara ya nguo zilizokwama mkoa usiozitaka.