Mstari Katikati ya Karatasi

Barua ya kumpendekeza mtumishi apandishwe cheo huonekana ubora wake pale "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu" inapokwisha. Wengi hapo humwaga sifa: mchapakazi, mwaminifu, ana nidhamu. Huenda zote ni za kweli, lakini jopo halipati la kushika, maana zinamfaa hata mwombaji mwingine. Fundi wa barua hizi huanzia kwenye orodha ya majukumu ya cheo kinachoombwa.

Tuseme mtunza stoo ya dawa katika hospitali ya wilaya anapendekezwa kuwa mkuu wa stoo. Cheo hicho kinadai mambo matatu: kukadiria mahitaji, kusimamia watu na kujibu hoja za wakaguzi. Fundi huchora mstari katikati ya karatasi. Kushoto huandika dai, kulia huandika alichokwisha kufanya mtu huyo na ushahidi wake ulipo.

Kwenye makadirio haandiki "ana uwezo mkubwa". Anaeleza kwamba kabla ya masika, malaria inapopanda, mtunza stoo alipitia matumizi ya masika yaliyotangulia, akaagiza dawa mseto mapema, na leja haioneshi siku ambayo salio lilifika sifuri. Anayetilia shaka atafungua leja.

Usimamizi ni mgumu zaidi, kwani hajawahi kuwa na mtu chini yake. Kutaja usafi wa leja zake hakusaidii. Kunathibitisha tu kwamba anaiweza kazi aliyonayo. Na bosi anayeandika "stoo haiendi bila yeye" amempa mwajiri sababu ya kumwacha palepale. Fundi hutafuta cheo kipya ndani ya kazi ya zamani. Anakumbuka wiki ambazo mtunza stoo alikaimu, mkuu alipokuwa likizo. Wasaidizi wawili walikuwa wakitupiana lawama kuhusu upungufu wa zamu ya usiku. Akaandaa karatasi ya makabidhiano: idadi ya makasha, saa, na sahihi za anayetoka na anayeingia. Karatasi hiyo inatumika hadi leo.

Kwenye ukaguzi, upande wa kulia uko mtupu, na hapo ndipo ufundi hupimwa. Jopo ni la ndani: linamfahamu mwombaji na lina faili lake. Pengo likifichwa, hata yale ya kweli yaliyotangulia yataanza kutiliwa shaka. Kwa hiyo barua inasema wazi kwamba hajawahi kujibu hoja ya ukaguzi, ila ndiye aliyekuwa akipanga hati ambazo mkuu wake alizitumia kujibu, na inapendekeza aandae majibu ya ukaguzi ujao pamoja na mhasibu. Aya hiyo huisaidia barua kuliko sifa zote, kwa kuwa jopo likimpa cheo litakuwa linajua pa kumshika mkono.