Wagner Asiyesomwa: Unukuzi wa Mkono wa Pili katika Maandishi Kuhusu Bungoma na Kitale

Unukuzi wa mkono wa pili ni ule ambao mwandishi anataja kauli ya mtu ambaye kazi yake hajaisoma, akiwa ameipata kauli hiyo ndani ya kazi ya mtu mwingine aliyeisoma, au aliyedai kuisoma. Chanzo cha kwanza katika mnyororo huo huitwa chanzo asilia, na kile kilichoshikwa mkononi huitwa chanzo cha pili. Katika maandishi ya historia na utamaduni wa Wabukusu wa Bungoma, chanzo asilia kinachoathirika sana kwa mtindo huu ni kazi ya mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner, ambaye alifanya utafiti magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1930. Kazi hiyo inafaa kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu muundo wake wenyewe humtega anayeipokea kwa kupitia kwa wengine.

Wagner hakuandika kitu kimoja. Mwaka 1940 sura yake kuhusu utawala wa jamii za eneo hilo ilitoka katika kitabu cha pamoja kiitwacho African Political Systems, kilichohaririwa na Meyer Fortes na Edward Evans-Pritchard. Mwaka 1949 ikatoka juzuu ya kwanza ya The Bantu of North Kavirondo, inayoeleza ukoo, imani, na hatua za maisha tangu kuzaliwa hadi kufa, na mwaka 1956, Wagner akiwa amekwisha kufariki, ikatoka juzuu ya pili inayohusu uchumi. Juzuu zote mbili zilichapishwa tena kwa pamoja mwaka 1970. Kwa hiyo jina la Wagner likikutwa na mwaka 1970 pembeni yake, bila maelezo, msomaji huweza kudhani kwamba anasoma habari za Kenya iliyokwisha kupata uhuru, ilhali habari zenyewe ni za takriban miaka thelathini na mitano kabla ya hapo, wakati wa ukoloni. Aliyekishika kitabu hawezi kukosea hivyo, kwa kuwa miaka ya utafiti huonekana ndani yake, lakini aliyenukuu kutoka kwa mwingine amebaki na tarakimu nne tu na hana pa kuzipimia.

Tarehe, hata hivyo, ni tatizo dogo likilinganishwa na la mahali. Wagner alifanya kazi yake hasa katika jamii mbili za Waluhya, yaani Wamaragoli wa kusini na Wabukusu wa kaskazini, na katika kitabu chake hueleza desturi ya upande mmoja kisha akaeleza ya upande mwingine, akionyesha zinapofanana na zinapoachana. Sentensi moja ikichomolewa humo na kutiwa katika kitabu cha jumla, mgawanyo huo ndio unaopotea kwanza, kwa sababu anayeandika kwa jumla anahitaji kusema neno kuhusu Waluhya wote na hana nafasi ya kufafanua.

Suala la rika linaonyesha madhara yake waziwazi. Kwa Wabukusu, vijana waliotahiriwa huingia katika rika ambazo majina yake ni manane na huzunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, kisha duara huanza upya baada ya takriban karne moja. Wamaragoli hawana duara la namna hiyo, kwa kuwa kundi lililotahiriwa kwao lilipewa jina kutokana na tukio la wakati wake, na jina hilo halikutarajiwa kurudi. Tuseme basi kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Bungoma anakuta katika kitabu fulani sentensi inayosema kwamba, kwa mujibu wa Wagner, rika za Waluhya hupewa majina ya matukio, naye akaiandika katika tasnifu yake kuhusu Wabukusu wa Kimilili huku akiweka jina la Wagner na mwaka 1949 kana kwamba amemsoma mwenyewe. Wagner hakukosea. Hata mwandishi wa kitabu cha kati huenda alikuwa na Wamaragoli akilini tu. Kosa lililo wazi kwa mzee yeyote wa Kimilili sasa limebebeshwa jina la mtafiti ambaye ndiye aliyezitofautisha jamii hizo mbili, na msomaji atakayefuata atalichukua kutoka kwenye tasnifu hiyo kwa imani ile ile.

Upande wa Kitale, ambako miteremko ya Mlima Elgon ina mapango makubwa, hupotea kitu kingine, nacho ni tofauti kati ya kilichoonwa na kilichokisiwa. Msafiri Joseph Thomson alifika kwenye mapango ya mlima huo katika safari yake ya 1883 na 1884, akaeleza katika kitabu chake cha 1885 kwamba aliwakuta watu wakiishi humo pamoja na mifugo yao. Hilo aliliona. Akaongeza maoni yake kwamba mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale, na hilo ni kisio, ambalo uchunguzi wa baadaye haukuliunga mkono: mapango ni ya asili, na baadhi yake, kama Kitum, yamepanuliwa na ndovu wanaochimba chumvi kwa pembe zao. Thomson mwenyewe anaripoti kwamba wenyeji aliowauliza walikataa wazo la kazi ya binadamu, wakasema ni kazi ya Mungu. Nukuu ya mkono wa pili inayosema tu kwamba Thomson alithibitisha uchimbaji huo hupandisha kisio kuwa ushahidi, na wakati huohuo huifuta sauti ya wenyeji, ambao katika jambo hili walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mgeni wao.

Kwamba tabia ya kunukuu bila kusoma imeenea ilionyeshwa kwa njia ya werevu na watafiti wawili wa Marekani, Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, mwaka 2003. Walichunguza makala moja mashuhuri iliyokuwa imetajwa mara 4,300 hivi, wakapata marejeleo 196 yenye makosa ya uchapaji, lakini makosa yaliyotofautiana yalikuwa 45 tu. Kosa lile lile likirudiwa na watu wengi ni dalili kwamba walinakiliana, na kwa hesabu hiyo wakakadiria kuwa takriban moja ya tano tu ya wanaotaja kazi huwa wameisoma. Ni kadirio, kwa maana mtu anaweza kusoma kazi yenyewe kisha akanakili rejeleo kwa uvivu, lakini dalili yenyewe inatumika hata katika maktaba ndogo: tasnifu tatu zikitaja Wagner kwa ukurasa mmoja usiolingana na juzuu yoyote, zina mama mmoja.

Unukuzi huu haukatazwi, kwa kuwa kuna chanzo kilichopotea, kisichopatikana, au kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua mwandishi. Kinachotakiwa ni kusema wazi. Kwa kanuni za APA, zinazofuatwa na vyuo vingi, aliyemkuta Wagner ndani ya kitabu cha Gideon Were kuhusu historia ya Waluhya ataandika hivi: Wagner, 1949, kama alivyonukuliwa katika Were, 1967, kisha ukurasa wa Were, na katika orodha ya marejeleo ataingiza Were peke yake, kwa sababu ndicho kitabu alichokisoma. Maneno hayo machache humjulisha msomaji kwamba kati yake na Wagner amesimama mtu aliyechagua na kufupisha.

Hata likiandikwa kwa usahihi, rejeleo la namna hiyo linafaa kwa maelezo ya usuli tu. Hoja ambayo tasnifu nzima inaitegemea, kama ile ya rika katika mfano wa Kimilili, haipaswi kusimama juu yake. Msimamizi anayekuta jina la Wagner katika hoja kuu na amuulize mwanafunzi maswali mawili kabla ya kuidhinisha sura: ni juzuu ipi, na je, ukurasa huo unawazungumzia Wamaragoli au Wabukusu?