Chenga za Ukumbini

Picha ya familia iliyopigwa ukumbini usiku wa harusi huwa na uchafu wake. Ikuze kwenye kompyuta utaona kwamba suti za wajomba si nyeusi tupu. Zimejaa chenga, nyingine za kijani, nyingine za zambarau, na ukuta wa nyuma nao umetapakaa hizo hizo. Mpiga picha hakukosea. Taa zilikuwa hafifu, akapandisha ISO hadi 3200, na chenga zikaja na mwanga alioutafuta. Hakuna mwalikwa anayeziona, mpaka aingizwe mtu asiye nazo.

Mtu huyo ni kaka aliyekuwa kazini Maskati dada yake alipoolewa. Ametuma picha aliyopigwa kwa simu, mchana kweupe, amevaa koti jeusi. Mama anataka awemo, safu ya nyuma, kati ya mjomba na shemeji. Fundi anamkata vizuri, anampunguza kimo, anampaka umanjano wa taa za ukumbi, anamwekea kivuli kunakostahili. Mama anaitazama, anakunja uso: "Mbona kama amebandikwa?" Ukimwuliza ni wapi hasa, hawezi kukuonyesha. Rangi ni sawa, mwanga unatoka upande uleule. Kinachomsumbua ni kwamba mwanawe ni msafi mno kuliko wenzake.

Hapo ndipo ninapomtofautisha fundi na mtu anayejua tu kukata na kubandika. Kuweka uchafu kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kusafisha, na wateja wetu, waliozoea nyuso zilizolainishwa kama yai, hawatakulipa hata shilingi kwa ajili yake.

Fundi mzuri huanza na ukali, chenga huziacha mwisho. Anakuza hadi asilimia 300 na kutafuta mahali ambapo kitu cheupe kinakutana na cheusi: ukosi wa shati juu ya koti. Kwa mjomba, weupe haukatiki ghafla. Unafifia kupitia pikseli tatu hivi kabla ya kufika kwenye weusi. Kwa kaka, unageuka ndani ya pikseli moja, tena pembeni pana mstari mwembamba unaong'aa. Ukali ule umetoka mahali pawili. Picha inapopunguzwa, kingo zake hubanwa, na simu nayo ilikuwa imekwisha kuzinoa kabla hata picha haijatumwa. Basi fundi anaweka Gaussian Blur ndogo, 0.6 ya pikseli au 0.8, akilinganisha na mjomba, kwa kuwa ndiye aliyesimama umbali uleule. Bibi harusi yuko mbele, kwenye fokasi kamili; ukimfuata yeye utamwacha kaka akiwa mkali kuliko safu yake. Maski iliyomkata nayo ilainishwe kwa kiasi hichohicho, la sivyo ukingo wa sikio utabaki kama umekatwa kwa wembe. Mimi kazi ya mtu huitazama sikioni kwanza.

Hayo yakishatimia ndipo chenga huwekwa. Ukizitangulizia, ule ulainishaji utazifuta. Lakini chenga gani? Wengi hufungua Add Noise, wakavuta mpaka jicho liridhike, wakaondoka. Tatizo ni kwamba chenga za kamera hazikutawanyika kwa usawa. Mwanga hufika kwenye sensa kwa chembe, na chembe hazifiki kwa hesabu kamili. Mahali panapotarajiwa chembe 10,000, hesabu huyumba kwa 100 hivi, yaani asilimia moja. Mahali pa giza panapotarajiwa 100, huyumba kwa 10, nayo ni asilimia kumi. Ndiyo maana paji la uso lililopigwa na taa ni tulivu, na koti jeusi limechafuka. Kaka akipewa chenga sawa usoni na kifuani, uso utaonekana una vumbi na koti litabaki limepigwa pasi.

Rangi nazo hazilingani. Fungua chaneli mojamoja na uitazame kwa asilimia 100. Taa za manjano zina buluu kidogo sana, hivyo kamera hulazimika kuikuza ili weupe uwe weupe, na chenga zake hukua pamoja nayo. Kijani ni shwari zaidi. Kisha angalia umbo. Chenga za kamera si nukta za pikseli mojamoja. Tangu Bryce Bayer wa Kodak alipopewa hataza ya mpangilio wake mwaka 1976, sensa nyingi huipa kila pikseli rangi moja tu, na hizo nyingine mbili hukisiwa kutoka kwa majirani. Kosa la pikseli moja huwamwagikia walio karibu, chenga zikawa vidonge. Nukta kali za Add Noise hazifanani nazo hadi nazo zilainishwe, 0.5 ya pikseli au zaidi kidogo.

Njia niipendayo ni leya ya kijivu cha asilimia 50 juu ya kaka, ikiwekwa Overlay, na chenga aina ya Gaussian ndani yake. Huigusi picha yenyewe, na maski inakuruhusu kupunguza usoni. Lakini Overlay hunyamaza kwenye weusi, palepale ambapo kamera hupiga kelele zaidi, kwa hiyo koti linahitaji leya yake ya pili, nakala ya koti lenyewe iliyo Normal, yenye chenga za nguvu kuliko ya kwanza.

Kiasi gani? Jicho huchoka, basi acha kompyuta ihesabu. Chagua kipande bapa cha koti la mjomba, usome Std Dev kwenye Histogram, kisha kipande chenye giza lilelile kwenye koti la kaka. Tuseme la mjomba linasoma 6, la kaka 2. Anayetoa 2 kwenye 6 ataongeza 4 na kushangaa kwa nini bado. Chenga zisizohusiana hujumlishwa kwa vipeo vya pili: 36 kutoa 4 ni 32, na kipeuo chake cha pili ni karibu 5.7. Hesabu hiyohiyo inawaumbua wanaomwaga chenga juu ya picha nzima wakidhani wameunganisha kila kitu. Mwaga 3 kwa wote: mjomba atafika 6.7, kaka 3.6. Pengo limepungua, halijazibika. Leya ya namna hiyo ni ya mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuwa sawa.

Kinyume chake ni kigumu zaidi. Kaka angekuwa ndiye aliyepigwa gizani, na familia iko bustanini juani, ungelazimika kumsafisha kwanza, na kila programu ya kusafisha huondoka na nyusi na nyuzi za kitambaa. Picha iliyopitia WhatsApp huja na ugonjwa wake pia, miraba ya pikseli nane kwa nane iliyoachwa na mbano wa JPEG. Chenga haziifuti. Hapo mimi huomba picha itumwe upya kama faili, na mara nyingi mtu anayo bado kwenye simu.

Kabla ya kukabidhi, weka Curves juu ya kila kitu, iinamishe kwa nguvu mpaka picha iwe mbaya, na utazame. Kama kaka bado ni kisiwa, ataonekana mara moja; kisha futa leya hiyo. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 hata kosa kubwa linaweza kupita. Kwa ile ya 60 kwa 90 itakayotundikwa sebuleni, chapisha kwanza kipande chenye uso wa kaka na wa mjomba, kwa ukubwa kamili, na umwite mama aje kukitazama.