Masjala ya Mtu Mmoja

Aliyewahi kufanya kazi kwenye masjala ya serikali anajua kwamba karani hodari hategemei kichwa chake. Barua ikiingia huandikwa kwenye daftari, hupewa namba ya folio na kufungwa kwenye faili lake. Afisa akiona jambo bado halijaiva, huandika B.U. na tarehe, kisha faili hurudi masjala. Siku hiyo ikifika, karani humpelekea tena mezani, awe alikuwa akilikumbuka au alikwisha kulisahau. Ufundi huo nimeukuta ukiendelea vizuri kabisa kwenye kompyuta ya mpwa wangu, mhitimu wa uhasibu anayetafuta kazi Dar es Salaam.

Maombi matatu mtu anaweza kuyabeba kichwani. Yakifika thelathini, cha kwanza kuharibika ni kumbukumbu, hata kama barua zenyewe ni nzuri. Utajua imeharibika siku simu itakapoita kwa namba usiyoifahamu, sauti ikasema, "Tunapiga kuhusu maombi yako ya kazi," nawe ukalazimika kuuliza, "Ipi?" Aliyepiga hatakulaumu, lakini amekwisha kuelewa kwamba ofisi yake ni moja kati ya nyingi. Mpwa wangu jedwali lake la maombi lipo pia kwenye simu. Akisikia jina la kampuni analitafuta hapo hapo, na kabla salamu hazijaisha yuko kwenye mstari unaohusika.

Kila ombi lina mstari wake. Ameweka mahali alipoomba, nafasi, kumbukumbu namba ya tangazo, tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, anwani aliyotumia na CV ipi aliiambatisha, kwa sababu anazo mbili: ya ukaguzi na ya uhasibu wa miradi. Tangazo lenyewe hulihifadhi kama PDF au picha siku ile ile. Hilo wengi hulipuuza, na ndilo lenye gharama kubwa, maana tarehe ya mwisho ikipita matangazo mengi huondolewa mtandaoni. Mtu huitwa kwenye usaili wa kazi ambayo majukumu yake hawezi tena kuyasoma popote.

Safu mbili za mwisho ndizo moyo wa masjala hii. Moja inaitwa "Rudi tarehe", nyingine "Nilisema nini".

Katika "Rudi tarehe", kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu tangu siku uliyotuma. Ukituma tarehe 10 na dirisha linafungwa tarehe 27, barua ya kuulizia ya tarehe 20 inamkuta afisa ambaye hajafungua hata bahasha moja. Haina jibu, na imekula nafasi yako ya kwanza. Hesabu ianze siku ya kufungwa, nayo ihesabu siku za kazi. Mpwa wangu ameiachia kompyuta kazi hiyo, tarehe ya mwisho ikiwa kwenye safu ya C na sikukuu zikiwa kwenye karatasi ya pembeni:

```
=WORKDAY(C2,10,Sikukuu!A1:A20)
```

Chukua ombi lake moja, nafasi ya mhasibu msaidizi katika shirika lisilo la kiserikali. Dirisha lilifungwa Ijumaa, 27 Juni 2025. Siku kumi za kazi zingeishia Ijumaa ya 11 Julai, lakini Saba Saba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo jedwali likatoa Jumatatu, 14 Julai. Akaisogeza hadi Jumanne, kwa kuwa Jumatatu asubuhi kila afisa anafukua barua pepe za mwisho wa wiki. (Sikukuu za Idi huziongeza kwa mkono mwezi ukiandama. Hakuna kanuni ya kompyuta inayoujua mwezi wetu.)

Barua ya 15 Julai aliituma kama jibu juu ya ile ya maombi, kumbukumbu namba ikiwa palepale, ili mpokeaji asianze kutafuta. Ilikuwa na sentensi tatu: anaulizia hatua iliyofikiwa, bado anaitaka nafasi, na mkataba wake wa muda unaisha mwezi huo kwa hiyo anaweza kuanza tarehe 1 Agosti. Kwenye "Nilisema nini" aliandika maneno machache tu: "hatua? + naanza 1 Agosti". Kisha akaweka tarehe mpya, siku kumi na tano za kazi mbele, yaani Jumanne ya 5 Agosti. Ya pili huwa mbali zaidi ya ya kwanza, kwa sababu kimya baada ya kuuliza mara moja ni kizito kuliko kimya cha mwanzo.

Tarehe 5 Agosti alisoma ile safu kabla ya kuandika. Habari ya kuanza kazi ilikwisha kutumika, na kuuliza tu "mmefikia wapi" kungekuwa kurudia ile ile kwa maneno mengine. Kwa bahati alikuwa na jambo jipya: mitihani ya NBAA aliyoifanya Mei alikuwa ameifaulu. Barua ikawa na matokeo yameambatishwa na sentensi moja inayoyahusisha na sharti la tangazo. Kama asingekuwa na jipya, asingeandika. Kanuni yake ni ngumu kidogo, lakini naiunga mkono: tarehe ikifika na huna la kuongeza, tarehe husogezwa, na ikisogezwa mara mbili mstari hufungwa.

Safu hiyo hiyo inamkinga na fedheha nyingine, ya watu wawili wa ofisi moja kupokea ujumbe unaofanana. Akitaka kumwandikia mkuu wa fedha baada ya kumwandikia afisa rasilimali watu, hutafuta kwanza jina la shirika katika jedwali zima. Hao wawili huenda wanakula chakula cha mchana pamoja. Kwenye WhatsApp hatari ni ya wazi zaidi, kwani ujumbe uliosambazwa hubeba alama ya kusambazwa. Anayeupokea anajua kwamba hakuandikiwa yeye. Na barua iliyotoholewa kutoka ya zamani hukaguliwa kwa kutafuta ndani yake jina la kampuni iliyotangulia, kabla ya kubonyeza tuma.

Si kila mstari unaulizwa. Maombi ya serikali yanayopitia Ajira Portal yana rangi yake, na safu ya "Rudi tarehe" ina maana nyingine hapo. Walioitwa kwenye usaili hutangazwa kwa majina na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo kazi ya tarehe ni kumkumbusha kufungua akaunti yake na kusoma tangazo, siyo kumwandikia mtu. Kuandika barua pepe huko hakusogezi jina hata nafasi moja.

Lile shirika halikujibu barua ya pili. Mwisho wa Agosti aliandika "imefungwa" na mstari ukashuka chini ya jedwali, lakini hakuufuta. Mwezi Novemba walitangaza nafasi inayofanana. Barua yake mpya haikusimulia tena matokeo ya NBAA kana kwamba ni habari, wala haikurudia aya ya kujitambulisha ya Juni. Ilitaja ombi la kwanza kwa kumbukumbu namba yake, ikaenda moja kwa moja kwenye sharti ambalo tangazo la Juni halikuwa nalo: kuandaa taarifa za fedha kwa wafadhili wawili wenye miaka ya fedha tofauti. Hilo alikuwa amelifanya katika mkataba ulioisha Julai, na jedwali lilimwonyesha kwamba hajawahi kuwaambia.