Yadi Ngapi kwa Gauni la Solo?

Dukani mteja hutazamwa mwili, akiwa mnene anaambiwa achukue yadi 6, akiwa mwembamba 4. Makadirio hayo hukosea kwa sababu kinachoamua ni upana wa kitambaa. Kitenge kingi kina upana wa inchi 45 hivi. Toa kingo zenye maandishi, unabaki na 44. Kila kipande kinachozidi hapo hudai safu nyingine, na hapo ndipo yadi huongezeka.

Tuchukue gauni la solo lenye mshono kiunoni, zipu nyuma na mikono mifupi. Mteja ana kifua 34, kiuno 28, na sketi anaitaka inchi 27.

Anza na sketi. Gawa kiuno kwa 6.28 upate nusu kipenyo cha tundu la kiuno: 4.5. Jumlisha urefu 27 na inchi 1 ya kukunja chini, inakuwa 32.5. Solo nzima hukatwa nusu duara mbili, na kila moja hulala kwenye urefu wa kitambaa kwa mara mbili ya hapo, yaani 65. Zote mbili ni 130. Kwa upana zinachukua 33.5 pamoja na mshono, hivyo pembeni unabaki ukanda wa inchi 10.5, ambao unatosha mikono.

Juu, jumlisha 8 kwenye kifua kwa ajili ya mishono, nafasi ya kupumua na zipu: 42. Mbele na nyuma vinaingia safu moja ya inchi 18. Jumla ni 148, yadi 4 na kidogo. Anunue 4 na nusu, kwa kuwa kitenge cha pamba hurudi kikifuliwa.

Sasa mteja mwenye kifua 48 na kiuno 44, urefu uleule. Sketi yake inaongezeka inchi 10 tu, ikawa 140. Lakini 48 na 8 ni 56, imepita 44, kwa hiyo juu kunahitaji safu mbili, inchi 36. Jumla ni 176, karibu yadi 5. Kilichompandisha zaidi ni kifua, si sketi.

Urefu nao una kikomo. Mteja wa kwanza akitaka solo ya inchi 40 hadi chini, nusu duara itadai upana wa 46.5. Haiingii hata akinunua yadi 10. Itabidi iungwe kipande chini, au abadili mshono.

Kabla ya kulipa, kunjua kitenge utazame maua. Katika mkato huu, ndege waliosimama wima kifuani watalala ubavu katikati ya sketi. Yadi za ziada haziwasimamishi. Kitenge cha namna hiyo kishonewe sketi iliyonyooka.