Jinsi ya kutambua kipimajoto cha maikrokontrola kilichotengenezwa vizuri

Ukipewa kipimajoto kilichoundwa kwa maikrokontrola na kuombwa useme kama kazi ni nzuri, jicho huvutwa kwanza na tarakimu zilizo kwenye kioo. Kinaonyesha 4.13, kisha 4.15, kisha 4.12, na mtazamaji anaona kwamba aliyekiunda ni mtu makini. Nashauri uzipite tarakimu hizo. Fungua msimbo, utafute mstari unaogeuza hesabu ghafi kuwa nyuzi joto, kisha uulize swali moja: namba inayosimama pale kama volteji ya rejea imetoka wapi? Imepimwa, au imedhaniwa? Hoja yangu ni kwamba swali hilo hutenganisha kazi nzuri na mbaya kuliko kitu kingine chochote kwenye ubao, na kwamba makosa mengi yanayosingiziwa sensa yamezaliwa hapo.

Tuanze na kazi anayofanya kigeuzi. Kigeuzi kilicho ndani ya ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, hakijui volti ni nini. Kinachukua volteji iliyopo kwenye pini, kinailinganisha na volteji nyingine inayoitwa ya rejea, kisha kinatoa namba kati ya 0 na 1023. Namba hiyo inasema volteji ya kwanza ni sehemu ngapi kati ya sehemu 1024 za ile ya pili. Ni sawa na kuambiwa kwamba gunia lina pishi ishirini: hujui kuna nafaka kiasi gani mpaka ujue pishi lenyewe lina ukubwa gani. Msimbo ukisema rejea ni volti 5 ilhali kweli ni volti 4.7, kila hesabu itazidishwa kwa kipimo kisicho chake, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea popote. Chipu imefanya kazi yake sawasawa.

Tuchukue mfano wa friji ya chanjo, ambayo chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa ndani yake kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Sensa ni TMP36, inayopatikana kwa urahisi na inayopendwa kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kwenye nyuzi 0 inatoa milivolti 500, na kila uzi mmoja wa joto unaongeza milivolti 10. Nyuzi 4 ni milivolti 540, nyuzi 9 ni milivolti 590. Ubao unapata umeme kwa waya wa USB kutoka kwenye chaja ya simu, na msimbo ni huu unaoonekana kila mahali:

```
int raw = analogRead(A0);
float mv = raw * 5000.0 / 1024;
float c = (mv - 500) / 10;
```

Hapo 5000 ni dhana. Ubao unatumia umeme wake wenyewe kama rejea, na umeme wa USB si lazima uwe volti 5 kamili. Hata kwa kanuni unaruhusiwa kupanda hadi 5.25 na kushuka chini ya 5, na waya mrefu au mwembamba huushusha zaidi. Tuseme chaja hii inatoa volti 5.2, na friji imepanda hadi nyuzi 9, yaani imeshatoka kwenye mipaka. Sensa inatoa milivolti 590. Kigeuzi kinagawa kwa 5200, kinazidisha kwa 1024, na kutoa 116. Msimbo, ukiamini kwamba rejea ni 5000, unaigeuza 116 kuwa milivolti 566, na kioo kinaonyesha nyuzi 6.6. Mhudumu anaona namba iliyo katikati ya mipaka na kuendelea na kazi yake. Badilisha chaja, weka inayotoa volti 4.7, na friji ikiwa salama kwenye nyuzi 4 kioo kitasema 7.1. Sensa ni ileile, msimbo ni uleule, friji haina tatizo, lakini jibu limehama kwa nyuzi tatu.

Mtu anaweza kushangaa kwamba kosa la asilimia 4 kwenye rejea limezaa kosa la zaidi ya nyuzi mbili kwenye friji yenye nyuzi 9. Sababu ni zile milivolti 500 za mwanzo. Asilimia 4 hailiwi kwenye milivolti 90 zinazobeba habari ya joto. Inaliwa kwenye 590 zote, na hiyo ni takriban milivolti 23. Kisha msimbo unaondoa 500 zilezile bila kupungua, kwa hiyo kosa lote linabaki limelalia zile 90. Ndiyo maana sensa yenye mwanzo wa juu huadhibu dhana mbovu kuliko LM35, inayoanzia milivolti 0 kwenye nyuzi 0. Anayekagua kazi iliyotumia TMP36 awe mkali maradufu kwenye mstari huu.

Kazi nzuri hutafuta rejea isiyotegemea chaja. ATmega328P inayo moja ndani, inayotajwa kuwa volti 1.1. Faida yake ya kwanza ni utulivu: umeme wa USB ukipanda au kushuka, yenyewe haisogei kwa kiasi cha kusumbua. Faida ya pili ni kwamba hatua moja ya hesabu, iliyokuwa karibu milivolti 5, yaani nusu uzi wa joto, inakuwa milivolti 1 hivi, yaani sehemu ya kumi ya uzi. Lakini hapa ndipo wengi wanapojikwaa mara ya pili, kwa kuandika 1100 kwenye msimbo na kudhani wamemaliza. Mtengenezaji anaruhusu rejea hiyo iwe popote kati ya volti 1.0 na 1.2. Chipu moja ikiwa na 1.062, friji ya nyuzi 4 itatoa hesabu 520, na msimbo wenye 1100 utaonyesha 5.9. Tumetoka kwenye dhana moja na kuingia nyingine, tofauti ni kwamba hii ya sasa haibadiliki, na kitu kisichobadilika kinaweza kupimwa. Chagua rejea ya ndani, soma kigeuzi angalau mara moja ili rejea iwashwe, kisha uweke multimita kati ya pini ya AREF na GND. Hakikisha hakuna waya mwingine uliounganishwa na AREF wakati huo, kwa maana kuingiza volteji ya nje hapo ni kuigonganisha na rejea ya ndani. Namba utakayoisoma ni ya chipu hiyo pekee, na ndiyo inayopaswa kuandikwa:

```
const long VREF_MV = 1062;  // imepimwa kwenye AREF, ubao huu
// setup(): analogReference(INTERNAL); tupa masomo ya kwanza
long jumla = 0;
for (int i = 0; i < 16; i++) jumla += analogRead(A0);
long mv10 = jumla * VREF_MV * 10 / (16L * 1024L);
long c100 = mv10 - 5000;    // 392 = nyuzi 3.92
```

Maelezo mafupi yaliyo kwenye mstari wa kwanza ni alama ya ubora ninayoithamini kuliko umaridadi wowote wa msimbo. Yanamwambia atakayebadilisha ubao kesho kwamba namba hii haihamishwi, inapimwa upya. Gharama ya rejea ya ndani ni kikomo cha juu: kwa rejea hii, joto likipita nyuzi 56 hesabu itagota 1023 na kubaki hapo. Kwa friji hilo si tatizo. Kwa tanuri ni kazi mbovu.

Pingamizi la kwanza utakalosikia ni kwamba wastani wa masomo mengi unatosha kusafisha makosa. Wastani unatuliza mtikisiko tu. Ukichukua masomo elfu moja kwa rejea isiyo sahihi, utapata 6.6 iliyotulia vizuri sana kwa friji ya nyuzi 9. Hata zile tarakimu mbili baada ya nukta nilizoanza nazo mara nyingi ni matokeo ya wastani au mgawanyo wa desimali, si ushahidi wa usahihi. Jedwali la TMP36 lenyewe linataja usahihi wa kawaida wa nyuzi 2 juu au chini, kwa hiyo kioo kinachoonyesha 3.92 bila ulinganisho mwingine kinadai kujua kisichokijua.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwa nini usilinganishe tu na barafu, uone kosa ni kiasi gani, ulitoe? Barafu iliyopondwa ikiwa na maji kidogo iko kwenye nyuzi 0, na sensa iliyofungwa isiingie maji ikitulia humo inakupa ulinganisho wa bei nafuu na wa kuaminika. Naukubali, na kazi isiyopitia barafu ina pengo. Ila utaratibu una maana. Ukisahihisha kwa barafu huku rejea ni umeme wa USB, umesahihisha sensa pamoja na chaja ya siku hiyo. Chaja ikibadilishwa, sahihisho linageuka kuwa kosa jipya. Pima rejea kwanza, kisha barafu ishughulike na upungufu wa sensa yenyewe. Atakayesema kwamba sensa ya dijitali kama DS18B20 inaondoa suala lote la rejea amesema kweli, na kwa waya mrefu au vituo vingi ningeichagua. Hilo halimsaidii anayekagua chombo cha analogi ambacho tayari kimefungwa kwenye friji.

Kuna hali moja ambapo hukumu yangu inageuka kabisa. Thamista iliyounganishwa na rezista, zote mbili zikilishwa na umeme uleule unaotumika kama rejea, hutoa uwiano, na kigeuzi nacho hupima uwiano. Umeme ukishuka, volteji ya pini inashuka kwa kiasi kilekile na hesabu haibadiliki. Hapo rejea ya ndani ingeharibu kitu kilichokuwa kizuri. Kwa hiyo kabla ya kulaumu umeme wa USB kuwa rejea, angalia kwanza kama sensa inatoa volti zake yenyewe au sehemu ya umeme iliyopewa.

Makosa mengine hayastahili muda mrefu. Wanaobishana kama tugawe kwa 1023 au 1024 wanabishania sehemu ya ishirini ya uzi kwenye mfano wetu. Kitabu cha chipu kinasema 1024, basi. Kosa la kuandika `int mv = raw * 5000 / 1024;` ni kubwa, kwa kuwa `int` ya chipu hii huishia 32767: hesabu 117 inageuka milivolti −4, na friji inaonyesha nyuzi −50. Hata hivyo namba ya aina hiyo hugunduliwa siku ileile. Kosa la rejea huleta 6.6, namba ambayo hakuna atakayeishuku.

Ukiwa na chombo mkononi, basi, kiwashe kwa chaja mbili zinazotofautiana volteji, sensa ikiwa kwenye barafu ileile. Kama namba kwenye kioo imehama kwa zaidi ya sehemu chache za kumi za uzi, kirudishe kwa fundi, hata kama kila kitu kingine kimefungwa kwa unadhifu.